Mhariri Alihesabu Nini?

Barua ninayoitahakiki hapa iliandikwa na mhariri wa gazeti moja la Kampala mwezi Septemba 2018. Aliyeandikiwa ni msomaji wa Koboko, mwalimu mstaafu, ambaye amenipa ruhusa kuizungumzia kwa sharti kwamba nisimtaje yeye wala gazeti. Ni barua fupi, yenye aya tano, na imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo nitaieleza kwa maneno yangu mwenyewe.

Mwalimu alikuwa amelalamika kwamba gazeti hilo, lilipoandika habari za uchaguzi mdogo wa Manispaa ya Arua, lilikipendelea chama tawala cha NRM. Mhariri anaanza kwa kumshukuru. Katika aya ya pili anasema gazeti lake halina chama. Katika ya tatu anasema wamehesabu habari zao za kampeni wakaona kwamba NRM, FDC na wagombea huru walipata nafasi karibu sawa. Katika ya nne anaeleza kwamba wafuasi wa NRM nao hulalamika kuwa gazeti ni la upinzani, na hiyo kwake ni dalili kwamba linasimama katikati. Aya ya mwisho inamkaribisha Mwalimu kuandika makala ya maoni, ambayo itachapishwa ikifaa.

Ni barua ya adabu. Haimkejeli msomaji, haimwambii kwamba hajui kazi ya magazeti, na wahariri wengi wasingejibu kabisa. Hata hivyo, kila niisomapo naona kwamba swali la Mwalimu limebaki palepale. Mhariri amejibu swali la jirani yake, lile ambalo hujibiwa kwa urahisi zaidi. Mwalimu aliuliza habari ziliandikwaje, naye akajibiwa ziliandikwa ngapi. Katika insha hii nataka kuonyesha tofauti ya maswali hayo mawili, na uchaguzi wa Arua unaidhihirisha vizuri kuliko mfano wowote ninaoujua.

Kwanza tukumbuke mambo yalivyokuwa. Mbunge wa Manispaa ya Arua, Ibrahim Abiriga, aliuawa kwa risasi tarehe 8 Juni 2018 alipokuwa akirudi nyumbani kwake karibu na Kampala. Alikuwa mtu wa NRM ambaye nguo zake na gari lake vilijulikana kwa rangi ya njano ya chama. Uchaguzi wa kujaza kiti chake ulipangwa kufanyika tarehe 15 Agosti. NRM ilimsimamisha Nusura Tiperu, na FDC ikamsimamisha Bruce Musema. Kassiano Wadri, ambaye zamani alikuwa mbunge wa FDC, aligombea bila chama. Aliyempigia debe Wadri kwa nguvu zote alikuwa Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine, ambaye wakati ule naye alikuwa mbunge asiye na chama. Chama cha NUP anachokiongoza leo alikichukua miaka miwili baadaye. Wadri alishinda akiwa mahabusu, kwa kura 6,421 dhidi ya 4,798 za Tiperu. Mgombea wa FDC alikuwa nyuma sana.

Sasa turudi kwenye hesabu ya mhariri. Ametengeneza safu tatu, NRM, FDC na wagombea huru, kisha akaona kwamba zinakaribiana. Kwa mtu aliye Kampala, safu hizo zinaonekana za haki. Kwa mtu aliyekuwa Arua mwezi ule, zinashangaza, kwa sababu ushindani ulikuwa kati ya Tiperu na Wadri. Mgombea wa FDC alipewa safu nzima peke yake, ilhali Wadri alitiwa katika kapu moja na wagombea huru wengine, ambao baadhi yao hawakutarajiwa kushinda hata na jirani zao. Safu ya wagombea huru ikiwa sawa na ya NRM, maana yake ni kwamba watu kadhaa kwa pamoja walipata nafasi ambayo Tiperu aliipata peke yake. Sijui ni habari ngapi katika safu hiyo zilimhusu Wadri, na barua haisemi. Hapo ndipo penye kasoro. Jedwali lililotolewa kuthibitisha usawa limempoteza mshindi ndani ya neno moja, "huru".

Sidhani kwamba mhariri alifanya hivyo kwa hila. Ukiulizwa kama unapendelea chama fulani, ni kawaida kuhesabu kwa vyama. Lakini siasa zetu za West Nile mara nyingi hazifuati mipaka ya vyama, na mfano mwingine uko Koboko kwenyewe. Mwezi Septemba 2020, pambano kubwa la kiti cha Manispaa ya Koboko lilikuwa ndani ya NRM, katika kura za mchujo. Evelyn Anite, aliyekuwa mbunge na waziri wa nchi, alishindwa na Dkt. Charles Ayume, ambaye baadaye alishinda kiti chenyewe Januari 2021. Tuseme gazeti liliandika mengi sana kuhusu Koboko wiki zile. Kwa hesabu ya vyama, karibu yote yangeingia safu ya NRM, na mtu asiyejua angesema gazeti limenunuliwa. Huenda gazeti hilohilo lingekuwa limetenda haki kabisa baina ya Anite na Ayume, au lingekuwa limemwonea mmoja wao vibaya sana. Jedwali la vyama lisingeweza kutuambia lolote kati ya hayo mawili.

Waziri analeta ugumu wa pili. Anapofungua jengo au kugawa mbegu wakati wa kampeni, je, hiyo ni habari ya serikali au ni habari ya chama? Vyumba vya habari vingi huiweka upande wa serikali, na hivyo haionekani kabisa katika hesabu ya uchaguzi. Vivyo hivyo kwa RDC, mwakilishi wa Rais wilayani, ambaye huteuliwa na Rais mwenyewe. Akisema jambo kuhusu mkutano wa mgombea wa upinzani, huhesabiwa kama ofisa anayetoa taarifa. Msomaji wa Koboko akimwona RDC anaona mkono wa aliyemteua. Kwa hiyo mhariri na msomaji wanaweza kushika nakala ileile ya gazeti, wakahesabu kwa uaminifu, na kila mmoja akapata jawabu lake.

Hoja yangu kubwa zaidi haihusu hesabu. Hata kama safu zingepangwa vizuri, upendeleo unaweza kukaa ndani ya sentensi, mahali ambapo hesabu haifiki. Sisi tunaosoma Kiswahili tuna faida hapa, kwa sababu lugha yetu inaweka wazi viungo vya kitenzi.

Tuchukue siku moja tu, tarehe 13 Agosti 2018. Rais Museveni alikuwa Arua kumpigia debe Tiperu, na Bobi Wine alikuwa Arua kumpigia debe Wadri. Jioni kukatokea vurugu. Serikali ilisema kwamba msafara wa Rais ulipigwa mawe na kioo cha gari moja kikavunjwa. Jioni hiyohiyo Yasin Kawuma, dereva wa Bobi Wine, alipigwa risasi akafa akiwa ndani ya gari. Wadri, Bobi Wine na watu wengine wengi walikamatwa, na baadaye zaidi ya thelathini kati yao walishtakiwa kwa uhaini. Waandishi wawili wa NTV Uganda waliokuwa wakitangaza kutoka Arua nao walikamatwa.

Nimejitungia vichwa viwili vya habari kuhusu siku hiyo. Cha kwanza ni hiki: "Msafara wa Rais wapigwa mawe na wafuasi wa Wadri, dereva afariki katika ghasia." Cha pili: "Dereva wa Bobi Wine auawa kwa risasi, polisi wadai msafara wa Rais ulipigwa mawe." Vyote viwili vinataja matukio yaleyale mawili. Ukivihesabu kwa habari, kila kimoja ni habari moja. Ukivihesabu kwa watu waliotajwa, kila kimoja kina pande mbili. Ukivipima kwa rula, vinakaribiana. Katika jedwali la mhariri visingetofautiana hata chembe.

Msomaji, hata hivyo, anaondoka na picha mbili tofauti. Katika kichwa cha kwanza kitenzi "wapigwa" kimefuatwa na "na", kwa hiyo mtendaji ametajwa na amekwisha kuhukumiwa. Kitenzi "afariki" hakihitaji mtendaji. Mtu hufariki kwa malaria, hufariki kwa uzee, na sasa amefariki katika ghasia, kama kwamba ghasia ni ugonjwa. Wala hatuambiwi ni dereva wa nani. Katika kichwa cha pili mambo yamegeuka. "Auawa" inamlazimu msomaji aulize ni nani aliyeua, hata kama jibu halijapatikana. "Wadai" inaitia shaka kauli ya polisi kabla hatujaisikia, ilhali "wasema" ingeiacha isimame yenyewe. Kichwa cha kwanza kinaegemea upande mmoja na cha pili kinaegemea mwingine. Cha tatu kingewezekana: "Dereva wa Bobi Wine apigwa risasi na kufa Arua, polisi wasema msafara wa Rais ulipigwa mawe." Hapo kila jambo limesemwa kwa kiasi kinachojulikana, na lililosemwa na mtu limeachwa mdomoni mwake.

Hiki, naamini, ndicho alichokihisi Mwalimu. Katika malalamiko yake aliandika kwamba wapinzani daima "hudai" na wakubwa daima "hueleza". Mhariri hakugusa jambo hilo hata kwa neno moja, ingawa ndilo lililokuwa rahisi kulichunguza. Angechukua habari zake za mwezi mmoja, akapiga mstari chini ya kila kitenzi cha kunena, kisha akatazama nani amepewa kipi. Kazi hiyo humalizika katika alasiri moja. Kama "hudai" ingeonekana pande zote, Mwalimu angekuwa amekosea, na angeonyeshwa hivyo bila ubishi. Kama ingeonekana upande mmoja tu, mhariri angekuwa amegundua kitu ambacho waandishi wake pengine hawakijui wao wenyewe.

Nasema hawakijui kwa sababu upendeleo wa namna hii hauhitaji amri kutoka juu, na hapa ndipo aya ya pili ya barua inapopotea. Mhariri anasema gazeti halina chama. Anazungumzia nia, ilhali msomaji analalamikia matokeo, na nia njema inaweza kuzaa matokeo mabaya kwa sababu ya jinsi kazi inavyofanyika. Mwandishi wa mkoani mara nyingi hulipwa kwa habari iliyochapwa, tena si nyingi. Anapaswa kutuma habari kabla ya jioni. RDC na msemaji wa polisi hupokea simu, huwa na taarifa tayari, na kauli yao haimpeleki mwandishi mahakamani. Mgombea aliye mahabusu hapokei simu. Kijana aliyeona tukio akiwa kando ya barabara anaogopa kutaja jina lake. Kisha habari inafika Kampala, umbali wa kilomita karibu 500, na huko kichwa chake kinaandikwa na mtu mwingine ambaye hakuwa Arua. Katika mlolongo huo wote hakuna aliyekusudia kukipendelea chama. Lakini kila hatua imeisogeza habari kidogo kuelekea kwa yule ambaye sauti yake hupatikana kwa urahisi. Barua ya mhariri ingekuwa na uzito mkubwa kama ingesema wazi ni nani waliomwambia mwandishi aliyoyaandika, na ni nani aliowatafuta akawakosa.

Nabakiwa na hoja ya aya ya nne, kwamba gazeti linalolalamikiwa na pande mbili lazima liko katikati. Hoja hii ni maarufu, na nimeisikia hata redioni. Lakini hebu tuilinganishe na mizani ya sokoni. Mkulima wa simsim analalamika kwamba mizani ya mfanyabiashara inapunguza uzito wa mzigo wake. Mnunuzi naye analalamika kwamba mizani hiyohiyo inaongeza. Je, malalamiko ya pande mbili yanathibitisha kwamba mizani ni sawa? Inawezekana ni sawa. Inawezekana mmoja wao anasema uongo. Inawezekana pia wote wawili wanasema kweli, kwa sababu mfanyabiashara anajua kuiweka hivi anaponunua na vile anapouza. Njia ya kujua ni kuweka jiwe la kilo juu ya mizani na kutazama. Hesabu ya walalamikaji haitusaidii.

Nchini Uganda hoja hii ina udhaifu wa ziada, kwa sababu malalamiko ya pande mbili hayana nguvu sawa. Mwezi Mei 2013 polisi walizingira na kufunga ofisi za Daily Monitor kwa siku kumi hivi, wakitafuta barua ya Jenerali Sejusa iliyochapishwa na gazeti hilo. Kwa upande mwingine, serikali ndiyo mwenye hisa nyingi zaidi katika kampuni ya New Vision. Upande wenye dola, ukichukia habari, unaweza kufunga lango au kunyima matangazo. Msomaji wa Koboko akichukia anaweza kununua stempu. Mhariri anayeyaweka malalamiko hayo katika mizani moja na kuyaona yamelingana amesahau kwamba moja lina uwezo wa kumbadilisha na jingine halina.

Haki inanitaka niseme pia kwamba barua ya Mwalimu haikuwa kamilifu. Ukiacha ile sentensi ya "hudai" na "hueleza", imejaa lawama za jumla. Anasema gazeti "daima" linapendelea, hataji tarehe hata moja, hataji ukurasa, na anachanganya habari na maoni. Makala moja iliyomkera ilikuwa ya mwandishi wa safu ya maoni, ambaye ana haki ya kuegemea upande autakao. Mhariri alikuwa sahihi kabisa kulitenganisha jambo hilo, na ndiyo sehemu bora ya jibu lake. Lawama ya jumla huzaa jibu la jumla. Mwalimu angeandika, "Tarehe fulani, ukurasa fulani, mlimnukuu msemaji wa polisi mara nne na ndugu wa marehemu hata mara moja," mhariri asingeweza kumjibu kwa jedwali la vyama.

Lakini kati ya wawili hao, mhariri ndiye mwenye kumbukumbu zote za gazeti, na ndiye mwenye wafanyakazi wa kuzipitia. Kwa hiyo mzigo mkubwa ni wake. Jibu zuri, kwa maoni yangu, lingekuwa na mambo matatu tu. Lingechagua habari mbili au tatu zilizo nzito zaidi, kwa mfano za tarehe 14 na 15 Agosti, na kuzipitia mbele ya msomaji sentensi kwa sentensi. Lingewapanga watu kwa jinsi walivyoshindana Arua, yaani Tiperu hapa na Wadri pale, na kuwahesabu waziri, polisi na RDC katika mstari wao wenyewe ili msomaji aamue waingie wapi. Na lingekiri mahali ambapo sauti ilikosekana, pamoja na sababu yake. Jibu kama hilo lingeweza kumwonyesha Mwalimu kwamba gazeti lilitenda haki, na angeweza kulikagua mwenyewe akiwa na nakala zake za zamani mkononi.

Mwaliko wa kuandika makala ya maoni nauona kuwa ndio unaosikitisha zaidi, ingawa umetolewa kwa wema. Mwalimu hakuomba nafasi ya kutoa maoni yake. Aliomba habari za mji jirani, uliopo mwendo wa saa moja hivi kutoka kwake, ziandikwe kwa namna ambayo mtu aliyekuwepo angezitambua. Kumpa ukurasa wa maoni ni kumhamishia kazi ya kusahihisha ukurasa wa habari, huku ukurasa wenyewe ukiachwa kama ulivyokuwa. Mwalimu hakuuandikia ukurasa huo. Gazeti bado analinunua likifika Koboko, na ameniambia kwamba siku hizi anapolisoma hupiga mstari kwa kalamu nyekundu chini ya kila "alidai".